Maswali na Majibu: Je, kiwango cha kodi kikipanda sana, makusanyo hupungua?

Nauza dagaa Kibirizi. Watu wanasema ushuru ukipanda sana halmashauri inapata kidogo. Mimi hesabu hiyo hainiingii: ukitoza zaidi, si unapata zaidi? (Mama mfanyabiashara, Kigoma mjini)

Makusanyo yana sehemu mbili zinazozidishwa: kiwango kinachotozwa kwa kila gunia, na idadi ya magunia yanayofika mbele ya mkusanyaji. Anayepandisha kiwango ana mamlaka juu ya sehemu ya kwanza peke yake, kwa sababu sehemu ya pili iko mikononi mwenu wafanyabiashara.

Tuchukue mfano wa kubuni. Tuseme ushuru ni shilingi 1,000 kwa gunia, na kwa mwezi yanapita magunia 2,000, hivyo makusanyo ni shilingi 2,000,000. Kiwango kikipandishwa hadi shilingi 1,500 na yakabaki magunia 1,700, makusanyo ni shilingi 2,550,000. Halmashauri imepata zaidi hata baada ya kupoteza magunia 300. Magunia yakishuka hadi 1,333 hivi, makusanyo yanarudi pale pale yalipokuwa, na yakiwa 1,200 yanakuwa shilingi 1,800,000, yaani hasara. Kwa hiyo kupungua kwa magunia peke yake hakutoshi kumpa mtu haki ya kusema ushuru umezidi. Kiwango kikiongezeka kwa nusu, magunia lazima yapungue kwa zaidi ya theluthi moja ndipo makusanyo yashuke chini ya yalivyokuwa.

Ni lini magunia hupungua kiasi hicho? Hapo linakuja suala la faida yako. Kama gunia linakuachia shilingi 10,000 baada ya gharama nyingine zote, kutoka ushuru wa 1,000 hadi 1,500 ni jambo la kunung'unikia tu. Kutoka 5,000 hadi 7,500 ni ongezeko la nusu vilevile, lakini linakuachia robo tu ya ile faida, na hapo ndipo mtu huanza kutafuta namna. Wengine huacha biashara. Wengine hushusha mzigo usiku kwenye mwalo mdogo usio na mkusanyaji. Wengine, na hili mnalijua kuliko mimi, hufunga lumbesa, kwa sababu anayetozwa kwa gunia ana kila sababu ya kulirefusha gunia. Katika lumbesa hakuna dagaa hata mmoja aliyepungua ziwani wala sokoni, ila kwenye daftari la ushuru magunia yamepungua. Naomba ushike tofauti hii kati ya biashara iliyokufa, biashara iliyofichwa na biashara iliyobadilishwa sura, maana kila moja hudai ushahidi wake.

Mwalimu alituchorea mlima: kodi sifuri mapato sifuri, kodi asilimia 100 mapato sifuri, katikati kuna kilele. Je, mchoro huu umethibitishwa? (Mwanafunzi, Kasulu)

Mchoro huo unaitwa kwa jina la Arthur Laffer, mchumi wa Marekani aliyeuzungumzia na wanasiasa mjini Washington mwaka 1974, ingawa wazo lenyewe ni la kale zaidi. Ibn Khaldun, mwanazuoni wa Tunis, aliandika katika karne ya 14 kwamba dola changa hutoza kidogo na kupata kingi, na dola inayozeeka hutoza kingi na kupata kidogo. Laffer mwenyewe alikiri kwamba si yeye aliyeanza.

Ncha mbili za mlima huo hazina ubishi mkubwa. Tatizo ni kwamba ncha hazisemi lolote juu ya mahali kilele kilipo. Kinaweza kuwa kwenye asilimia 20 au asilimia 70, kinaweza kutofautiana kati ya kodi ya mshahara na ushuru wa samaki, na kinaweza kuhama kadiri ukusanyaji unavyobadilika. Mtu anayekuonyesha mchoro kisha akahitimisha kwamba kodi fulani ya leo ishushwe, ameruka hatua nzima, nayo ndiyo hatua ngumu: kuonyesha kwamba leo tumesimama upande wa pili wa kilele.

Kuna mahali popote huku kwetu Afrika walikojaribu jambo hili kwa vitendo, si kwa maneno ya vitabuni? (Msomaji, Ujiji)

Papo, tena ni ng'ambo ya ziwa letu, ingawa ni mbali sana kutoka ufukweni: mji wa Kananga, makao makuu ya jimbo la Kasai ya Kati, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mwaka 2018 serikali ya jimbo ilikubali kushirikiana na watafiti Augustin Bergeron, Gabriel Tourek na Jonathan Weigel kujaribu viwango vya kodi ya majengo. Kwa maoni yangu huu ni miongoni mwa ushahidi bora kabisa tulio nao juu ya swali hili, na inafaa kuufuata hatua kwa hatua.

Wakusanyaji walipita nyumba kwa nyumba. Nyumba za thamani ndogo, ambazo ndizo nyingi mjini humo, zilikuwa na kodi ya faranga za Kongo 3,000 kwa mwaka, karibu dola 2 za Marekani. Wenye nyumba 38,028 waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi walibaki na kiwango kamili, wengine wakapunguziwa asilimia 17, wengine asilimia 33, wengine nusu. Kwa hiyo majirani wawili wenye nyumba zinazofanana waliweza kutakiwa mmoja alipe faranga 3,000 na mwingine 1,500.

Nguvu yote ya ushahidi huu iko katika ile bahati nasibu. Ingekuwa serikali imempunguzia kila mtu mwaka huo, tungelinganisha mwaka wa kabla na mwaka wa baada, na mtu yeyote angeweza kudai kwamba mavuno yalikuwa mazuri, au kwamba kamishna mpya alikuwa mkali. Ingekuwa imewapunguzia maskini tu, tungekuwa tunalinganisha maskini na matajiri. Bahati nasibu inapogawa, makundi manne yanafanana kwa kipato, kwa mtaa, kwa mkusanyaji na kwa msimu, na kilichobaki cha kutofautisha ni kiwango cha kodi.

Matokeo yalikuwa haya. Katika kundi la kiwango kamili walilipa wenye nyumba kati ya 5 na 6 tu katika kila 100. Waliopunguziwa theluthi walilipa kama 10 katika kila 100, na waliopunguziwa nusu kama 13. Sasa zidisha. Kwa kila nyumba 100 zenye kiwango kamili zilipatikana faranga kama 17,000. Kwa faranga 2,000, wakilipa 10, ni faranga 20,000. Kwa faranga 1,500, wakilipa 13, ni 19,500. Watafiti walikadiria kwamba makusanyo yangefika kileleni kama kiwango kingeshushwa kwa karibu theluthi moja. Kananga, kwa kodi ile na kwa mwaka ule, ilikuwa kweli imesimama upande wa pili wa mlima.

Tazama pia ni kitu gani hasa kilichobadilika. Nyumba haihami wala haifungwi lumbesa. Idadi ya nyumba ilibaki ileile, na kilichoongezeka ni watu waliokubali kulipa. Ni tofauti na hadithi inayosimuliwa mara nyingi, kwamba kodi ikishuka watu watafanya kazi zaidi na uchumi utakua. Hilo huenda likawa kweli penginepo, lakini si Kananga iliyolithibitisha.

Kuna mipaka mingine. Jaribio lilihusu kodi ya kiasi kimoja maalumu kwa mwaka, katika mji ambao wasiolipa walikuwa zaidi ya 90 katika kila 100. Mwenye mshahara hapa Kigoma, ambaye mwajiri hukata kodi kabla fedha haijamfikia mkononi, hana nafasi ya kuamua kulipa au kutolipa kama mwenye nyumba wa Kananga. Kuchukua matokeo ya kodi ile na kuyabandika kwenye kodi ya mshahara wake ni kosa.

Kama shida ni watu kutolipa, kwa nini serikali isikaze ukaguzi tu badala ya kushusha kiwango? (Msomaji, Uvinza)

Swali lako ndilo nusu ya pili ya utafiti huohuo. Baadhi ya wenye nyumba, nao kwa bahati nasibu, walipewa barua ya kodi yenye onyo kwamba asiyelipa anaweza kuchukuliwa hatua, na wakusanyaji pia walipangiwa mitaa kwa bahati nasibu, hivyo ikawezekana kupima tofauti kati ya wakusanyaji hodari na wale dhaifu. Ilionekana kwamba kuweka onyo kwenye barua, au kuweka wakusanyaji wa kawaida mahali pa robo ile iliyo dhaifu zaidi, kungeinua kiwango kinachoingiza fedha nyingi zaidi kwa karibu asilimia 40.

Maana yake ni kwamba kilele hakikupigiliwa misumari mahali pamoja. Pale ambapo ukusanyaji ni dhaifu, kilele kiko chini, na serikali inayopandisha kiwango inagonga dari mapema. Ukusanyaji ukiimarika, kiwango kilekile kilichokuwa kinaleta hasara kinaweza kuanza kuleta faida. Kwa hiyo utaratibu una uzito: aliyeshusha kiwango akabaki hapohapo miaka mingi huku ukusanyaji ukiwa umeimarika atakuwa anapoteza fedha, na aliyepandisha kabla ya kuimarisha anapoteza vilevile.

Ila katika kukaza kuna gharama. Mkusanyaji analipwa, pikipiki inakula mafuta, mashine ya stakabadhi inanunuliwa. Makusanyo yanayostahili kulinganishwa ni yale yaliyobaki baada ya kutoa gharama hizo, na taarifa nyingi za makusanyo ninazozisoma hunyamaza juu ya jambo hilo.

Mwaka 2017 ushuru wa mazao ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3. Sisi wa kahawa tulifurahi. Je, halmashauri zilipata zaidi au kidogo, na hilo linathibitisha nini? (Mkulima, Kalinzi)

Nianze na kipimo cha hesabu kabla ya historia. Ili asilimia 3 ilete fedha zilezile zilizoletwa na asilimia 5, thamani ya kahawa iliyotozwa ushuru lazima iongezeke kwa theluthi mbili: kwa kila kahawa ya shilingi 100 iliyokuwa ikipita, sasa ipite ya shilingi 167 hivi. Jiulize ingetoka wapi. Mbuni uliopandwa baada ya habari njema hauzai kabla ya kama miaka mitatu, kwa hiyo katika msimu wa kwanza ongezeko lingeweza kutoka tu kwenye kahawa iliyokuwa inafichwa, au kwenye bei. Na ushuru huu hulipwa na mnunuzi, mara nyingi pale mzigo mkubwa unapokusanywa, ambapo mahali pa kujificha ni pachache. Kwa sababu hizo, nisingetarajia kushuka kwa kiwango kile kuongeze mapato ya ushuru wa kahawa. Mlipunguziwa mzigo, na hiyo ni faida halali kwenu, lakini ni hoja nyingine kabisa, haihusiani na kilele.

Lakini hata mtu akikuletea takwimu za halmashauri yoyote za kabla na baada ya 2017, usizikubali haraka kwa upande wowote. Mabadiliko yale ya sheria hayakuja peke yake. Mazao ya chakula yalishushwa hadi asilimia 2, na mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja hadi nyingine ukasamehewa ushuru. Msimu wa 2018 ukaja na agizo la kahawa kuuzwa kupitia vyama vya ushirika, jambo linalobadilisha mahali pa kukusanyia ushuru. Bei ya kahawa hupangwa na soko la dunia. Na mbuni wenyewe, kama ujuavyo, mwaka mmoja hubeba sana na mwaka unaofuata hupumzika. Ukilinganisha mwaka wa kubeba na mwaka wa kupumzika utapata tofauti kubwa hata kama kiwango cha ushuru hakikuguswa kabisa.

Warusi walipata funzo la namna hii. Mwaka 2001 Urusi ilifuta viwango vya juu vya kodi ya mapato ya watu binafsi na kuweka kiwango kimoja cha asilimia 13, na mwaka uliofuata makusanyo yakapanda sana. Wengi walitangaza kwamba kushuka kwa viwango ndiko kulikoleta fedha. Wachumi Anna Ivanova, Michael Keen na Alexander Klemm walipochukua familia zilizoshushiwa viwango na kuzilinganisha na zile ambazo viwango vyao havikubadilika sana, waliona ulipaji wa hiari umeongezeka, lakini hawakupata ushahidi kwamba ongezeko la makusanyo lilitokana na kushushwa kwa viwango. Sehemu kubwa ilitokana na mishahara iliyokuwa ikipanda kwa sababu nyingine.

Nimesoma kwamba Uingereza walipandisha kodi ya matajiri hadi asilimia 50, fedha zikapungua, wakashusha. Ni kweli? (Msomaji, Mwanga)

Ni kweli kwa sehemu, na sehemu iliyobaki ina mafunzo zaidi. Kiwango cha asilimia 50 kwa mapato yanayozidi pauni 150,000 kilianza Aprili 2010, kutoka asilimia 40, na kilitangazwa mwaka mmoja kabla. Wenye makampuni yao wakajilipa gawio mapema, kabla ya siku ya kuanza. Mamlaka ya kodi ya nchi hiyo ilikadiria kwamba mapato ya kati ya pauni bilioni 16 na 18 yaliwahishwa namna hiyo. Bila shaka mwaka wa kwanza wa asilimia 50 ukaonekana mkavu. Walipotangaza mwaka 2012 kwamba kiwango kitashuka hadi 45 kuanzia Aprili 2013, motisha ikageuka, na safari hii iliwalipa watu kuchelewesha.

Hata hapa Mwanga wafanyabiashara hujaza maghala kabla ya tarehe 1 Julai wanaposikia bajeti itapandisha ushuru wa bidhaa fulani. Anayepima makusanyo ya Julai dhidi ya Juni atasema ushuru umeua biashara, kumbe biashara ilitangulia tu.

Baada ya kuondoa athari hiyo ya kuhamisha muda, mamlaka hiyo ilikadiria kwamba asilimia 50 iliongeza pauni bilioni 1 au pungufu, wakati makadirio ya awali yalitazamia karibu bilioni 3. Kwa hiyo fedha hazikuthibitika kupungua. Ziliongezeka kidogo sana kuliko ilivyotazamiwa, na makadirio yenyewe yalikuwa na shaka kubwa kwa sababu miaka ya kupima ilikuwa michache.

Mimi ni diwani. Kikaoni tutaletewa pendekezo la kupandisha ushuru wa mwaloni. Niulize nini ili nisidanganywe na upande wowote? (Diwani, Kigoma)

Mheshimiwa, usikubali kuonyeshwa jumla ya fedha pekee. Omba fedha na idadi ya magunia kwa kila mwalo, kila moja kwenye safu yake, kwa sababu jumla huchanganya kiwango na kiasi, na swali letu lote liko katika kuvitenganisha. Mashine za stakabadhi zina kumbukumbu hizo. Pamoja na hizo, omba kipimo kisichotoka kwa mkusanyaji: idadi ya mitumbwi iliyorudi, au magunia yaliyopakiwa kwenye malori. Mitumbwi ikibaki ileile huku stakabadhi zikipungua, kilichopungua ni ulipaji. Vikipungua vyote viwili, huenda biashara yenyewe imeguswa. Pima pia uzito wa magunia machache, ili ujue kama lumbesa imeongezeka.

Kisha angalia muda unaolinganishwa. Uvuvi wa dagaa hufuata giza, na mbalamwezi inapokuwa kali wavuvi hupumzika, kwa hiyo mwezi wa kalenda unaweza kuangukiwa na usiku mwingi wa giza kuliko mwingine. Linganisha giza na giza, tena la msimu uleule wa mwaka uliopita. Kumbuka vilevile kwamba mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na takwimu za miezi hiyo haziwezi kutumika kama kipimo cha ushuru, iwe ni za kutetea pendekezo au za kulipinga.

Kama kikao kina uvumilivu, pendekeza kiwango kipya kianze kwenye baadhi tu ya mialo, iliyochaguliwa kwa kura mbele ya wajumbe, na mingine ibaki na kiwango cha zamani kwa msimu mmoja. Hapo mtakuwa na cha kulinganisha. Tahadhari ni moja, na ni kubwa: mtumbwi unahama. Mwalo wenye ushuru mpya ukiwa jirani na wenye ushuru wa zamani, mzigo utavuka, wa kwanza utaonekana umepoteza na wa pili umefaidika, na tofauti kati yao itahesabu gunia lilelile mara mbili. Chagueni mialo iliyo mbali kiasi kwamba mafuta ya kufika huko yanazidi ushuru unaokwepwa, au muichukue mialo ya karibu kama kundi moja katika kura.